C hawezi kufunga: netiboli kwa mtu wa mpira wa miguu

Jumamosi moja pale Uyole nilikaa na shemeji yangu pembeni ya kiwanja cha netiboli cha shule. Yeye ni mtu wa Sokoine. Mbeya City au Prisons ikicheza nyumbani, humkosi jukwaani. Mechi haijakaa sawa, mchezaji mwenye herufi C kifuani akapata mpira mbele ya goli, peke yake, hakuna wa kumkaba. Shemeji akasimama: "Piga!" Binti akatoa pasi kwa mwenzake. "Sasa dada, huo si uoga?"

Haukuwa uoga. C haruhusiwi kufunga, hata akiachiwa kiwanja kizima.

Kwenye mpira wa miguu, namba ya jezi haimfungi mtu. Beki wa kulia akipanda mpaka kwenye boksi la wapinzani akafunga, tunamshangilia. Netiboli ina wachezaji 7 kila upande, na zile herufi wanazovaa kifuani na mgongoni ni ruhusa ya kukanyaga sehemu fulani tu. Kiwanja kimegawanywa kwa upana katika sehemu 3, na kila mwisho kuna nusu duara la chokaa kuzunguka goli, mita 4.9 kutoka kwenye mlingoti. C anazunguka sehemu zote tatu ila haingii kwenye duara lolote. Wanaoruhusiwa kufunga ni wawili, GS na GA, tena wakiwa ndani ya duara tu. Wanaowakaba humo ni GK na GD. WA na WD wanaishia kwenye mstari wa duara kama C.

Shemeji aliposikia mwamuzi amepuliza "ofsaidi", macho yalimkimbilia beki wa mwisho. Hapa beki hahusiki. WA alikuwa amekanyaga ndani ya duara akifukuzia mpira, na kwa herufi yake hapo si mahali pake, awe na mpira au asiwe nao. Wapinzani wakapewa mpira. Na GK asikuchanganye: si golikipa. Pete iko juu mita 3.05, hakuna wa kuilinda kwa mikono. GK anamkaba mfungaji.

Miguu ndiyo iliyotuchukulia muda mrefu. Netiboli haina kukokota mpira. Ukiudaka, mguu unaotangulia kugusa ardhi unakuwa mguu wako wa kutua. Unaweza kuzungukia hapo hapo juu yake, na ule mwingine ukaupeleka popote. Unaweza hata kuunyanyua huo wa kutua, lakini mpira lazima uwe umetoka mikononi kabla haujarudi chini. Kuuburuza au kurukaruka juu yake ni kosa. Ukitua na yote miwili kwa pamoja, unachagua mmoja. Na haya yote ndani ya sekunde 3.

Robo ya pili ikaleta tukio lililotaka sheria zote tatu kwa pamoja. GA alikuja mbio, akadaka mpira ukingoni mwa duara. Mguu wa kulia ulitua nje ya mstari, kama nusu unyayo hivi. Wa kushoto ukaingia ndani, akanyanyua wa kulia, akarusha. Mpira ukapita katikati ya pete, washangiliaji wakaruka, filimbi ikalia: si goli.

"Lakini alikuwa ndani!" shemeji akasema.

Alikuwa ndani wakati wa kurusha, na hatua yake ilikuwa safi. Kosa ni kwamba anayefunga hatakiwi kuwa amegusa ardhi nje ya duara wakati anadaka mpira wala wakati ameushika. Mstari wenyewe ni sehemu ya duara. Angetua juu ya chokaa goli lingehesabiwa. Kwa pale alipotua, alichobaki nacho ni pasi tu.

Kocha wake alimwita pembeni wakati wa mapumziko, nikamwona anamwonyesha kwa kidole pale chini. Robo ya tatu mpira ule ule ukaja, mguu ukatua nje vile vile. Safari hii hakurusha. Alimpa GS aliyekuwa chini ya mlingoti, akaingia ndani bila mpira, akarudishiwa akiwa ametulia na miguu yote miwili ndani. GK wa wapinzani ilibidi arudi nyuma, maana anayekaba anatakiwa awe angalau mita 0.9 kutoka kwenye mguu wa kutua wa mwenye mpira. Akisogea zaidi ya hapo, anawekwa kando asiguse mchezo mpaka mpira urushwe. Akanyoosha mikono kutoka mbali. GA akarusha.

Shemeji hakuutazama mpira ukienda juu. Macho yake yalikuwa kwenye chokaa. "Hili goli," akasema, kabla mwamuzi hajapuliza.