Kulinganisha mihuri ya muda ya vihisi: maana yake, kwa mfano wa droni

Droni ikiwa angani hujua iko wapi kwa kuunganisha vipimo vya vihisi kadhaa. Kihisi cha mwendo, chenye jairoskopu na kipima mchapuko ndani yake, hutoa vipimo mara 200 kwa sekunde au zaidi. GPS hutoa mara 5 au 10 tu. Programu inayoviunganisha, ambayo mara nyingi ni kichujio cha Kalman, hutoa jibu moja: mahali, kasi na mwelekeo. Kulinganisha mihuri ya muda ni kuhakikisha kila kipimo kinaingia kwenye hesabu kikiwa na wakati halisi kilipopimwa, nyakati zote zikisomwa kwenye saa ileile, na kwamba kinapambanishwa na hali ya droni ya wakati huo, si ya sasa hivi.

Shida inaanzia kwenye tofauti kati ya wakati wa kupimwa na wakati wa kufika. Kipokezi cha GPS hunasa mawimbi, hupiga hesabu ya mahali, hufunga ujumbe, kisha huupitisha kwenye waya hadi kompyuta ya droni. Ujumbe ukifika, mahali unapopataja ni pa kweli, ila droni imeshapaacha. PX4, programu ya kuongoza droni, huchukulia kwamba GPS huchelewa milisekunde 110, isipokuwa mtumiaji ameweka thamani nyingine. Kwa droni inayokwenda mita 15 kwa sekunde, muda huo ni sawa na mita 1.65.

Sehemu ya ucheleweshaji huo inatokana na waya wenyewe, na mara nyingi husahauliwa. Ujumbe wa mahali na kasi uitwao NAV-PVT, wa vipokezi vya GPS vya kampuni ya u-blox, una baiti 100, na kila baiti huchukua biti 10 kwenye waya wa kawaida wa serial. Ukitumwa kwa mwendo wa biti 9600 kwa sekunde, unachukua milisekunde 104 kupita. Kwa biti 115200 unachukua chini ya 9. Kipokezi ni kilekile na antena ni ileile, lakini mpangilio mmoja umeongeza uzee wa kipimo kwa karibu sehemu ya kumi ya sekunde.

Kichujio kisipoambiwa kuhusu uzee huo hakina namna ya kuugundua chenyewe. Droni ikienda kwa kasi isiyobadilika, kichujio hukubaliana na GPS polepole na kuishia kuamini kwamba droni iko mita 1.65 nyuma ya ilipo. Hakuna onyo lolote, kwa sababu vipimo vyote vinaonekana kupatana. Mambo huharibika inapofunga breki. Tuseme inapunguza kasi kwa mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde. Kihisi cha mwendo kinaripoti hivyo papo hapo, lakini GPS bado inasema kasi iko juu kwa mita 0.55 kwa sekunde kuliko ilivyo. Kichujio kinalazimika kumlaumu mmoja wao, na mara nyingi lawama huangukia kipima mchapuko: kinadhaniwa kina kosa la kudumu, au droni inadhaniwa imeinama kwa pembe tofauti na iliyo nayo. Hapo kosa la muda linageuka kuwa kosa la pembe, na droni huanza kuyumba. Mtu atahangaika na propela na injini wakati chanzo kiko kwenye saa.

Tiba ina hatua mbili. Ya kwanza ni kupata wakati halisi wa kipimo. Vipokezi vingi vya GPS vina mguu wa PPS unaotoa pigo moja la umeme mwanzoni mwa kila sekunde. Kompyuta ya droni hurekodi saa yake ilisoma nini pigo lilipofika, na ujumbe unaofuata hueleza pigo lile lilikuwa la sekunde ipi. Kuanzia hapo saa mbili zimefungamana, na ujumbe ukichelewa njiani wakati wake bado unajulikana. Lazima pigo lipokelewe kila mara, si mara moja tu droni inapowashwa: saa ya fuwele yenye kosa la sehemu 20 kwa milioni hupotea milisekunde 72 kwa saa moja. Pia angalia ni wakati gani unaosoma, maana tangu 2017 wakati wa GPS uko mbele ya UTC, wakati rasmi wa dunia, kwa sekunde 18.

Hatua ya pili ni kukiweka kipimo mahali pake katika hesabu. Njia ya PX4 ni nzuri: kichujio hakifanyi kazi kwenye wakati wa sasa, kinafanya kazi nyuma kidogo. Vipimo vyote husubiri kwenye foleni vikiwa na mihuri yao. Kichujio kikifikia wakati fulani uliopita, kinachukua kipimo cha GPS cha wakati huohuo na kukipambanisha na makadirio yake ya wakati huohuo. Kisha sehemu nyingine ya programu huchukua matokeo hayo na kuyasogeza hadi sasa kwa kutumia vipimo vya kihisi cha mwendo vilivyohifadhiwa. Droni inaongozwa kwa makadirio ya sasa, lakini masahihisho yamefanyika mahali yanapostahili.

Kama kipokezi chako hakina PPS, kilichobaki ni kuukadiria ucheleweshaji na kuuandika:

```
param set EKF2_GPS_DELAY 110
```

Kuipata thamani ifaayo kunahitaji rekodi ya safari yenye kukaza mwendo na kufunga breki kwa nguvu. Droni iliyosimama hewani haifai, kwa sababu bila mwendo kipimo cha zamani na kipya vinafanana. Chukua sekunde chache tu za kihisi cha mwendo, jumlisha mchapuko upate kasi, chora mstari wake, halafu juu yake chora kasi ya GPS. Mistari itakuwa na umbo moja, wa GPS ukiwa umesogea kulia. Usogeze kushoto hadi ilaliane, na kiasi ulichosogeza ndicho ucheleweshaji. Usichukue kipande kirefu, maana kosa dogo la kipima mchapuko hurundikana katika kujumlisha na kupindisha mstari.

Kabla ya kurekebisha, hakikisha kwamba kosa ni la muda kweli. Antena iliyofungwa nyuma ya kitovu cha droni nayo husogeza mahali. Rusha droni kaskazini, kisha irudishe kusini bila kugeuza pua yake, ukipiga picha za alama ileile ardhini. Kosa la antena litabaki upande mmoja safari zote mbili. Kosa la muda litabadili upande, kwa kuwa linafuata mwendo: kwa mita 15 kwa sekunde na milisekunde 110, alama moja itaonekana sehemu mbili zilizoachana mita 3.3. Kamera nayo ikiwa na ucheleweshaji wake, unachokiona ni tofauti kati ya kamera na GPS.

Namba moja ya kudumu hutibu ucheleweshaji wa kudumu pekee. Ujumbe ukifika leo baada ya milisekunde 90 na mara nyingine baada ya 130, pengo hilo la 40 ni sentimita 60 kwa kasi yetu ileile, na hakuna thamani itakayoliondoa. Ama uweke PPS, ama umwambie kichujio aiamini GPS kidogo zaidi kadiri mwendo unavyoongezeka.