Mshale mwekundu juu ya mawe meusi: dhana potofu kuhusu rangi kwenye video

Nilipiga video ya fundi wa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, hapa Goma akibadilisha mpira wa gurudumu. Chukudu aliilaza chini, juu ya yale mawe meusi ya volkeno ambayo kwetu ndiyo ua, ndiyo njia, ndiyo ukuta. Kwenye msumari wa kung'oa nikaweka mshale wa kijani, kwenye wa kuacha nikaweka mwekundu. Mwanafunzi wake mmoja akaitazama video kwenye simu, barazani, akang'oa ule wa kuacha. Nikamlaumu kwamba hakuwa makini. Kumbe kwake mishale yote miwili ilikuwa na rangi ya mbao.

"Mwenye upofu wa rangi huona nyeusi na nyeupe tu"

Wa hivyo wapo, lakini ni wachache mno. Wengi wanaona bluu na njano vizuri. Kinachowachanganya ni nyekundu, kijani na kahawia. Kasoro hii hurithiwa kupitia kromosomu X, ndiyo maana huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake. Mara nyingi mwenyewe hajui kwamba anayo. Yule kijana hakujua, na mimi nilikuwa nimemwekea nyekundu na kijani juu ya mbao ya kahawia, yaani zote tatu kwa mpigo.

"Nyekundu huonekana popote"

Hii ndiyo niliyoiamini kwa muda mrefu kuliko zote. Jicho likitafuta umbo la herufi au ncha ya mshale, hutegemea zaidi tofauti ya mwanga kati ya alama na kilicho nyuma yake, kuliko jina la rangi. Tuseme nyeupe ya kioo ina mwanga wa 100. Nyekundu kali, #FF0000, inatoa takriban 21 tu. Njano, #FFFF00, inatoa 93. Kwa hiyo nyekundu, hata ikupigie kelele namna gani, ni rangi ya giza, na juu ya jiwe jeusi tayari iko karibu na jiwe. Kuna watu ambao jicho lao halina kabisa chembe zinazopokea mwanga mwekundu: kwao nyekundu hufifia zaidi, inakaribia kuwa nyeusi.

Ukiichukua kijani iliyokolea, #008000, inatoa takriban 15. Kati ya 15 na 21 tofauti ni ndogo sana, kwa hiyo mtu asiyezitenganisha kwa rangi hawezi kuzitenganisha kwa mwanga pia.

"Juani ongeza tu mwangaza wa simu"

Jua haliizimi simu. Linamwaga mwanga wake juu ya kioo kizima, penye alama na pasipo na alama. Chukua mfano: nyeupe ya simu ina nguvu ya 400, na kioo kinarudisha 200 za jua. Sehemu nyeusi haiko tena sifuri, imekuwa 200. Mshale mwekundu ulitoa 85, sasa ni 285. Ukigawanya 285 kwa 200 unapata 1.4, mshale umebaki kivuli. Wa njano ulitoa 371, sasa ni 571, na ukigawanya unapata karibu 2.9. Pandisha simu hadi 600: mwekundu unafika 1.6, njano 3.8. Mwangaza umesaidia, ila rangi ndiyo iliyosaidia zaidi.

"Basi njano kila mahali"

Hapana. Weka njano juu ya shitingi nyeupe au mawingu ya ziwani, itapotea kabisa, kwa sababu 93 na 100 ni majirani. Video inatembea: sekunde hii nyuma ni jiwe, ijayo ni anga. Dawa ni ukingo. Sasa mshale wangu ni wa njano wenye ukingo mweusi mnene, karibu theluthi ya unene wa mshale wenyewe. Juu ya jiwe njano inafanya kazi, juu ya anga ukingo unafanya kazi. Maandishi ya chini ni meupe ndani ya kisanduku cheusi, na kisanduku nakifanya kizibe kabisa. Kile cha kuonyesha nyuma kidogo kinapendeza studio, barazani kinafifia. Msumari wa kung'oa una namba 1 ndani ya duara, wa kuacha una alama ya X. Rangi haibebi maana peke yake tena.

"Nimeigeuza kijivu, imepita"

Kugeuza picha iwe kijivu ni kipimo kizuri cha kwanza, mshale ukipotea pale usiutume. Lakini kijivu hakikuonyeshi namna nyekundu inavyozidi kuwa giza kwa wale niliowataja. Simu nyingi za Android, ndani ya chaguo za wasanidi, zina `Simulate color space`. Chagua `Protanomaly` na utazame tena. Usiichanganye na ile ya kurekebisha rangi iliyo kwenye mipangilio ya ufikivu, ile inabadilisha rangi ili kumsaidia mtazamaji, haikuonyeshi anachokiona.

Baada ya hapo natoka nje saa sita mchana na simu yangu ya zamani, ile yenye kioo kilichokwaruzwa, naitazama video bila sauti.