Grafu ya ziwa iliyopigwa picha: tunavyoisoma na ilivyo kweli

Kuna picha ilizunguka sana kwenye magrupu yetu hapa Mwanza kipindi kile maji yamepanda, mtu kaipiga kwa simu kutoka kwenye ukuta wa projekta, imekaa upande upande, kichwa chake Kiingereza na chini mtu kaongezea Kiswahili: "KINA CHA ZIWA VICTORIA SASA MITA 13.32". Basi shemeji yangu ambaye ana kiwanja kule Igombe karibu na maji akanitumia, nami nikaipeleka mwaloni Kirumba bila kufikiri. Mzee mmoja mvuvi akaiangalia akacheka, akasema, "Mwanangu, mita kumi na tatu? Mimi nyavu nashusha pima ishirini na chini bado sijafika."

Pima ishirini ni kama mita 36 hivi. Mzee hajui hiyo grafu imetoka wapi lakini kosa kaliona yeye, na ndo limenifanya niandike haya kuhusu kusoma na kutafsiri grafu kama hizi.

Wanasema: "Water level" ni kina cha maji.

Hapana. Kina ni kutoka juu ya maji mpaka chini kwenye tope, na ziwa letu wastani wake ni mita 40 hivi, penye kina kirefu kabisa karibu 80. Ile picha ukiikuza, pembeni kwenye mstari wa wima imeandikwa "Water level (m, Jinja gauge)". Gauge ni ile rula ya kupimia maji iliyosimikwa Jinja, Uganda, pale Mto Nile unapotokea ziwani, na vipimo vyake vinarudi nyuma mpaka 1896. Kwa hiyo 13.32 maana yake maji yamefika alama ya 13.32 kwenye rula, na sifuri ya rula haiko chini ya ziwa, iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,122.9 kutoka usawa wa bahari. Jumlisha utapata kama 1,136.2. Ndo maana kuna grafu nyingine ya ziwa hilihili imeandikwa "m a.s.l.", yaani mita juu ya usawa wa bahari, na namba zake ni elfu moja mia moja na kitu, watu wakaanza kubishana ipi ya uongo, kumbe zote sawa, zinaanza kuhesabu sehemu tofauti tu.

Mimi ningetafsiri hivi: "Kimo cha maji kwenye rula ya Jinja (mita)". Ukiitoa Jinja kwa sababu unaona jina refu, umeiua namba yote.

Wanasema: namba hazitafsiriwi, tafsiri maneno basi.

Namba haibadiliki kweli, lakini kwanza uwe na uhakika umeisoma sawa, maana picha ikishapita grupu la tano nukta inamezwa. Kuna mtu alisoma 135 badala ya 13.5! Dawa yake rahisi, usisome namba moja peke yake, soma ngazi nzima ya pembeni. Pale ilikuwa 11.5, 12.0, 12.5, 13.0, kila hatua nusu mita. Ukikuta 12.5 halafu 130 ujue nukta imepotea, ukikuta 18.0 ujue 3 imegeuka 8. Na ukiweza mwombe aliyepiga akutumie kama dokumenti siyo kama picha, inakuja bila kubanwa.

Ila saa ndo inabadilika. Kama grafu ina "09:00" na wewe unaandika kwa maneno, hiyo ni saa tatu asubuhi. Nimeona mtu kaandika saa tisa.

Wanasema: mstari umepanda mara nne, basi maji yamepanda mara nne.

Hapa ndo shemeji aliposhikwa presha. Mstari ulianza chini kabisa kushoto, Oktoba 2019 kwenye 12.00, ukaishia juu kulia mwisho wa Aprili 2020 kwenye 13.32. Kwa jicho ni kama mara nne kweli, kwa sababu chini ya grafu hakuna sifuri, pameanzia 11.5. Kwa hiyo mwanzo mstari uko nusu mita juu ya sakafu ya grafu, mwisho uko mita 1.82 juu ya sakafu hiyohiyo. Maji yenyewe yamepanda mita 1.32, basi. Aliyechora hajadanganya, grafu ya ziwa ukiianzishia sifuri utaona mstari umelala tu, lakini anayetafsiri aongeze kasentensi: "grafu inaanzia mita 11.5".

Picha ikiwa imeinama nayo inaongeza chumvi. Weka ukingo wa karatasi kwenye kioo cha simu ufuate ile mistari myembamba ya grafu, usifuate ukingo wa picha.

Na msiseme mita 1.32 ni kidogo. Hiyo ni ya wima. Ufukwe ukiwa wa tambarare, tuseme unapanda mita moja kwa kila hatua za mita 30, maji yataingia ndani karibu mita 40. Kiwanja kizima hicho.

Wanasema: kale kaboksi ka rangi pembeni hakana maana sana.

Kale kaboksi ndo kanasema mstari upi ni upi. Wa bluu ulikuwa "Daily level", kimo cha kila siku, na mwekundu wa vipandevipande "1964 max". Kwenye picha ya projekta mwekundu ulishakuwa kahawia, na ukitolewa fotokopi ndo kabisa, kwa hiyo andika "mstari wa vipandevipande" siyo "mwekundu" peke yake. Halafu mtu katafsiri "1964 max" kama "kiwango cha juu kabisa", mwaka kautupa. Mstari ule ulikuwa 13.41, na Mei 2020 ziwa likafika 13.42, Mei 2024 likapita tena mpaka 13.66. Ukiandika "kilele cha 1964" tafsiri yako haizeeki.

Kwenye grafu za setilaiti kuna "anomaly", wengine wanaandika kasoro. Ni tofauti na wastani tu. Hasi 0.5 maana yake maji yako nusu mita chini ya wastani wa miaka waliyoichagua, na miaka hiyo huwa imeandikwa kwa herufi ndogo chini, itafute.

Nilivyomrudishia shemeji picha nimeiandika upya akauliza, "Sasa hiyo 13.41 ni wapi kwenye kiwanja changu?" Swali zuri kuliko yote. Nikamwambia asitumie urefu unaosomwa na simu, unaweza kukosea mita nyingi tu. Siku ziwa limetulia apige alama ya rangi kwenye jiwe maji yanapoishia, atafute rula ya Jinja siku hiyohiyo inasoma ngapi. Ikiwa 12.90, basi kilele cha 1964 kiko sentimita 51 juu ya alama yake, na cha 2024 sentimita 76. Apime wima, na kamba iliyonyooka na mpira wenye maji kama mafundi wanavyofanya, aone mstari unapita mbele ya nyumba au nyuma.