Kuagiza chakula Guangzhou: dhana potofu na ukweli

Maonyesho ya biashara ya Canton yamekuwa yakifanyika Guangzhou mara mbili kwa mwaka tangu 1957, na siku hizi wafanyabiashara wengi wa Kariakoo, Eastleigh na Kampala huyafuata huko. Mchana wanazunguka kutafuta bidhaa, jioni wanakaa mbele ya menyu ambayo hawaijui hata herufi moja. Waliotangulia huwapa wageni ushauri wa namna ya kuagiza, na baadhi ya ushauri huo umewalisha watu wasichokula na kuwalipisha wasichokitarajia.

Dhana: Ukisema huli nguruwe, umemaliza

Mhudumu atakuelewa, ila kwa maana finyu: hutaki vipande vya nguruwe kwenye sahani. Kwa mpishi wa Guangzhou, nguruwe ana kazi nyingi kuliko kuwa kitoweo. Maharage mabichi yanayokaangwa hadi yakakunjamana ngozi, ambayo mgeni huyaona kuwa mboga tupu, kwa kawaida huungwa na nguruwe ya kusaga. Mapo tofu, chakula cha Sichuan, kwa asili huwekwa nyama ya ng'ombe ya kusaga, lakini mikahawa mingi hutumia nguruwe. Vile vifuko vyeupe vya kamba vinavyopikwa kwa mvuke, kwa mapishi ya jadi, hutiwa mafuta kidogo ya nguruwe ili kamba wasikauke. Supu za Kikanton zinazochemka kwa saa kadhaa mara nyingi huanza na mifupa ya nguruwe, hata kama kinachoelea juu ni mboga na karoti. Na menyu ikiandika "nyama" bila kumtaja mnyama, chukulia ni nguruwe.

Kwa hiyo swali lenyewe ndilo la kubadilisha. Ukiuliza "Hii haina nguruwe, sivyo?", mhudumu mwenye meza nane za kuhudumia atajibu haina, maana haoni kipande. Uliza kitu kisichojibika kwa ndiyo au hapana: supu hii imechemshwa na mifupa ya mnyama gani? Mboga hii inakaangwa kwa mafuta gani? Ndani yake kuna nyama ya kusaga ya nini? Yaandike maswali hayo kwenye simu yakiwa yametafsiriwa, kila moja peke yake, kwa sentensi fupi. Mhudumu akienda jikoni kuuliza, hiyo ni dalili nzuri. Akijibu papo hapo bila kuisoma simu yako vizuri, agiza kingine.

Asiyetumia pombe aulize pia kuhusu divai ya kupikia. Samaki na nyama hutiwa divai hiyo mara kwa mara ili kuondoa shombo, na wapishi wengi hawaihesabu kuwa pombe.

Dhana: Jina la chakula linakueleza kilichomo

Kuna bilinganya ambayo menyu ikitafsiriwa husomeka "bilinganya yenye harufu ya samaki". Mtu asiyekula samaki huikwepa, na asiyekula nguruwe huiagiza kwa moyo mweupe. Wote wawili wamekosea. Ndani hakuna samaki. Jina linahusu mchanganyiko wa viungo, yaani pilipili iliyochachushwa, kitunguu saumu, tangawizi, sukari na siki. Nguruwe ya kusaga ndiyo iliyomo mara nyingi.

Dhana: Bei iliyoandikwa ni bei ya sahani

Hapa ndipo ugomvi mwingi wa bili unapozaliwa, hasa kwenye mikahawa yenye matangi ya samaki hai. Pembeni ya bei tazama herufi 斤. Ni jin, kipimo cha gramu 500 huko China bara. Ukiiona, bei hiyo ni ya kila nusu kilo ya samaki akiwa mzima, kabla hajatolewa magamba na matumbo.

Tuseme watu watatu wameona samaki wa yuan 68 kwa jin. Wanamnyooshea kidole mmoja mnene kwenye tangi, anatolewa, anapelekwa jikoni. Ana kilo 1.6, ambayo ni jin 3.2, na bili inakuja na karibu yuan 218 kwa samaki peke yake. Wao walikuwa wamejiandaa kwa 68. Mkahawa haujawaibia, bei iliandikwa wazi. Wangeomba apimwe mbele yao kabla hajauawa, wangekuwa na nafasi ya kusema "tupe mdogo zaidi". Samaki wa gramu 900 ni jin 1.8, yaani kama yuan 122, na huyo anawatosha watu watatu wakiwa na mboga na wali.

Hatua ni hizi: uliza bei ya jin moja, simama kwenye mizani, hakikisha maji ya mfuko hayapimwi pamoja na samaki, kisha piga hesabu kwenye simu na umwonyeshe mhudumu jumla. Akitikisa kichwa kukubali ndipo samaki aende jikoni. Palipoandikwa kwamba bei ni ya siku, bila tarakimu yoyote, usiagize kabla hujatajiwa tarakimu.

Dhana: Kila mtu huagiza sahani yake, na wali huja nayo

Sahani huwekwa katikati ya meza na kuliwa na wote, na wali huagizwa kivyake kwa bakuli. Watu watatu wakiagiza sahani tatu na supu moja, wanashiba. Tambi za mchuzi ndizo hutolewa bakuli moja kwa mtu mmoja.

Ukubwa nao huchaguliwa. Ukiskani menyu kwa simu, sahani nyingi zina vitufe 小, 中 na 大: ndogo, ya kati, kubwa. Kuku wa Xinjiang anayepikwa na viazi mbatata na tambi pana ni mfano mzuri. Sahani ndogo ya kuku huyo hutosha watu wawili au watatu, na kubwa inaweza kuwa kuku mzima aliyekatwakatwa pamoja na mifupa yake. Swali linalofaa ni "Sahani hii ni ya watu wangapi?", kwa sababu "kubwa" ya mkahawa mmoja ni "ya kati" ya mwingine.

Wengine huona haya kuomba sahani ndogo wakidhani wataonekana wabahili. China ilipitisha sheria ya kuzuia upotevu wa chakula Aprili 2021, na sheria hiyo inaitaka mikahawa iwakumbushe wateja kuagiza kwa kiasi na iwe na sahani za ukubwa tofauti. Inaruhusu hata kumtoza mteja aliyeacha chakula kingi kikaharibika. Kufungiwa mabaki ni jambo la kawaida kabisa.

Dhana: Ukiuliza vizuri, mkahawa wowote unafaa

Hapana. Karai ni moja, upawa ni mmoja, na mafuta ya sahani iliyotangulia yamebaki humo. Kwa anayeshika halali, maswali hayawezi kulitatua hilo. Tafuta kibao chenye 清真, mara nyingi cha kijani, ambacho ndicho alama ya chakula cha Kiislamu. Mtaani Xiaobei vipo vingi, na maduka mengi ya tambi za ng'ombe za Lanzhou yanacho.

Lakini kibao hicho hakimsaidii mwenye mzio wa karanga. Mafuta ya karanga ni ya kawaida sana katika mapishi ya Guangdong, na mezani hutayaona wala kuyahisi kama karanga. Mtu huyo amwombe mhudumu amwonyeshe dumu la mafuta la jikoni, apige picha ya lebo na kuitafsiri. Wakikataa kumwonyesha, asile hapo.