Shajara ya uwekezaji: kuandika sababu kabla bei haijasema

Wahenga walisema ningejua huja nyuma. Anayesema "ningejua" amekiri kwamba hakujua, na hilo halina shida. Shida ni ndugu yake, "nilijua tu". Bei ikishuka, mwenye hisa anakumbuka kwamba tangu mwanzo moyo ulikuwa mzito. Ikipanda, anakumbuka alivyokuwa na uhakika. Hadanganyi. Kumbukumbu yake imerekebishwa na matokeo, naye hakusikia fundi akiingia wala akitoka.

Wanasaikolojia Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliipima hali hii mwaka 1972, Rais Nixon wa Marekani alipokuwa akijiandaa kwenda Beijing na Moscow. Waliwaomba wanafunzi nchini Israeli wakadirie uwezekano wa mambo mbalimbali kutokea katika ziara hizo, kwa mfano kama Nixon angekutana na Mao. Baada ya ziara waliwaomba wakumbuke makadirio yao wenyewe. Kwa jambo lililotokea, wengi walikumbuka kwamba waliliona lina nafasi kubwa kuliko waliyoandika mwanzoni. Kilichowaumbua ni ile karatasi ya kwanza. Bila karatasi hiyo kusingekuwa na njia ya kujua kwamba kumbukumbu imehama.

Shajara ya uwekezaji ndiyo karatasi hiyo. Ni daftari ambamo kila unaponunua unaandika, kabla ya kutuma oda kwa dalali, kwa nini unanunua, unatarajia nini na lini, na kitu gani kitakuonyesha kwamba umekosea. Orodha ya bei na idadi ya hisa si shajara, kwa sababu hayo hata dalali wako anayo. Usichoweza kukipata popote baadaye ni ulichokuwa ukifikiri siku ile.

Tuchukue mfano wa kubuni, ila bei na matukio yake ni ya kweli. Achieng wa Kisumu ananunua hisa 500 za Safaricom mwezi Agosti 2021 kwa shilingi 42, yaani shilingi 21,000 kabla ya kamisheni. Ukurasa wake unasomeka hivi:

"Safaricom, 500 kwa 42. Sababu ya kwanza: M-Pesa imeanza tena kutoza miamala midogo tangu Januari, baada ya kuwa bure wakati wa korona, kwa hiyo mapato yatapanda. Ya pili: mwezi Mei wamepata leseni ya Ethiopia, soko la watu zaidi ya milioni 100. Gawio la mwaka uliopita ni 1.37 kwa hisa. Naona nafasi 7 kati ya 10 kwamba ndani ya miaka mitatu litapita 1.60. Vita vya Tigray vinanitia wasiwasi kidogo. Nitakuwa nimekosea gawio likipungua."

Tazama jinsi mistari hiyo michache inavyomfunga. Gawio la 1.37 kwa bei ya 42 ni kama asilimia 3.3 kwa mwaka, wakati hati za hazina za siku 91, yaani kuikopesha serikali kwa miezi mitatu, zilikuwa zikilipa zaidi ya asilimia 6. Kwa hiyo Achieng hakuwa akinunua gawio la leo, alikuwa akinunua ukuaji. Siku akijiambia kwamba alizichukua hisa hizi "kwa ajili ya gawio tu", ukurasa utamkatalia.

Sasa twende hadi mwishoni mwa 2023. Hisa iko chini ya shilingi 15. Ethiopia imekula fedha nyingi kuanzisha huduma, na wawekezaji wa kigeni wameuza kwa wingi riba za Marekani zilipopanda. Achieng anaapa mbele ya dada yake kwamba alijua Ethiopia ingeleta balaa. Lakini daftari lina neno moja gumu: "kidogo". Wasiwasi aliokuwa nao ulikuwa wa kidogo, tena uliandikwa chini ya sababu mbili za kununua. Ukitaka kuona hila ya "nilijua tu" kwa macho, ni pale "kidogo" inapogeuka "nilijua".

Daftari linamfunulia na jambo la pili, ambalo naliona la thamani zaidi. Kuhusu wageni kuuza, hakuna hata mstari. Hakulipima akakosea, hakuliwaza kabisa, ingawa wageni walikuwa na sehemu kubwa ya hisa zinazouzwa na kununuliwa Nairobi, na hilo lilijulikana. Kukosea makadirio kunafundisha kupunguza uhakika. Kutowaza jambo kunafundisha kuongeza swali kwenye ukurasa wa ununuzi ujao: nani mwingine anazo hisa hizi, na nini kitamfanya auze? Kumbukumbu peke yake ingeyachanganya makosa hayo mawili yakawa majuto mamoja.

Namna ya kupitia shajara ni muhimu sawa na kuiandika. Panga tarehe mapema, tuseme kila kampuni inapotangaza matokeo ya mwaka. Ukisubiri bei ikushtue, utakuwa unasoma ukiwa na hasira au furaha. Kisha soma sababu kabla ya kutazama bei, na kando ya kila moja andika imetimia, haijatimia au bado. Gawio la Safaricom lilikuwa 1.39 kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2022, kisha likashuka hadi 1.20 kwa uliofuata. Mei 2023, basi, sharti la Achieng mwenyewe lilikuwa limetimia: gawio limepungua. Hiyo haina maana kwamba lazima auze, maana bei ilikuwa imeshaanguka tayari. Maana yake ni kwamba sababu ya zamani imekufa, na akibaki na hisa anatakiwa kuandika sababu mpya yenye tarehe ya siku hiyo, asiichomeke kwenye ukurasa wa 2021.

Wengi hapo ndipo wanapoharibu. Wanafuta. Daftari la kalamu linasaidia kwa kuwa ukikata neno linabaki likionekana, na anayependa simu anaweza kujitumia barua pepe, ambayo hubaki na tarehe na saa yake. Kosa jingine ni kuandika siku mbili baada ya kununua. Kufikia hapo umeshakuwa wakili wa uamuzi wako. La tatu ni kuandika sababu isiyoweza kukosea: "kampuni nzuri" haitakuja kukanushwa na chochote, kwa hiyo haikufundishi chochote.

Shajara nayo ina mpaka wake. Kurasa kumi haziwezi kukuambia kama una kipaji au bahati, na sababu mbaya haigeuki nzuri kwa kuandikwa. Mwaka 2025 hisa hiyohiyo ilipanda tena ikapita shilingi 25. Aliyenunua kwa 14 kwa sababu shemeji yake alimwambia zitapanda amepata faida nzuri, na leo anaeleza kwa ufasaha jinsi alivyoona thamani ya M-Pesa. Kama aliandika, ukurasa wake una maneno mawili tu: "Shemeji kasema."