Ngozi gani, bidhaa gani, shughuli gani: kuandika video ya mekapu impate anayeitafuta

Hapa Mtwara nafanya kazi na wapambaji wa maharusi wanaoweka mafunzo yao YouTube. Wao wanapamba na kurekodi, mimi nakata video na kuandika yale yanayokaa kwenye kichwa, maelezo na sura za video, yaani vipande vya video vyenye dakika na jina. Leo nataka kueleza hayo maandishi kwa kutumia video moja, ya dada anayepamba kule Shangani.

Video ilikuwa nzuri. Bibi harusi ana ngozi nyeusi iliyokolea, yenye unjano kwa ndani, na uso wake unatoa mafuta sana. Alikuwa anapambwa kwa ajili ya sendofu ya usiku, kwenye ukumbi wa feni tu, na joto letu hili la pwani mnalijua. Sasa, video hiyo ilikuwa imepandishwa kwa kichwa `Soft glam tutorial`. Maneno hayo yako kwenye video za dunia nzima, za ngozi za kila aina. Binti wa Nachingwea mwenye ngozi kama ya yule bibi harusi hawezi kujua kwamba humo ndani kuna uso kama wake, na YouTube yenyewe inapopanga matokeo ya utafutaji huangalia, pamoja na mengine, kama kichwa, maelezo na yaliyomo kwenye video vinaendana na kilichoandikwa na mtafutaji.

Tulianza na ngozi, kwa sababu ndiyo inayobadilisha hatua zenyewe. Chini ya macho dada alipaka konsila ya rangi ya chungwa iliyokolea ili kuua weusi, kisha foundesheni juu yake. Kwa ngozi iliyokolea hilo ni sahihi kabisa. Mtu wa maji ya kunde akiifuata hatua hiyo kama ilivyo, chungwa litachungulia juu ya foundesheni, maana yeye anahitaji chungwa jepesi au rangi ya pichi. Kwa hiyo usipotaja ngozi, unampa mtu mafunzo yatakayomharibia uso, halafu atasema mpambaji hajui kazi.

Neno "nyeusi" peke yake halitoshi, lakini ndilo watu wanaloandika wakitafuta, basi lazima liwepo kwenye kichwa. Ufafanuzi unaobaki unakaa kwenye maelezo: imekolea kiasi gani, kwa ndani ina unjano au wekundu, ni kavu au ya mafuta. Wapambaji huita hiyo rangi ya ndani andatoni, na ni sawa kuitaja hivyo kwenye maelezo. Kwenye kichwa nisingeiweka, kwa kuwa anayetafuta mekapu ya sendofu yake mara nyingi hatumii neno hilo.

Kichwa kina nafasi ya herufi 100, ila kwenye simu mwisho wake hukatwa, kwa hiyo yaliyo muhimu yanatangulia. Hivi ndivyo tulivyoandika, kichwa kwanza kisha mwanzo wa maelezo:

```
Mekapu ya sendofu usiku kwa ngozi nyeusi yenye mafuta

Ngozi: nyeusi iliyokolea, unjano kwa ndani, ya mafuta.
Shughuli: sendofu, usiku, ukumbi wa feni, picha za flashi.
Foundesheni: Maybelline Fit Me Matte + Poreless 360 Mocha
```

Mistari ya mwanzo ya maelezo ndiyo inayoonekana kabla mtu hajabonyeza kufungua yote, kwa hiyo salamu, namba ya simu na bei za kupamba tulizishusha chini.

Kwenye bidhaa, andika jina lote kama lilivyo kwenye chupa. Wengi huandika "Fit Me" na kuishia hapo. Fit Me iko ya `Matte + Poreless`, ya ngozi inayoelekea mafuta, na iko ya `Dewy + Smooth`, ya ngozi inayoelekea ukavu. Mtu wa Lindi mjini akinunua ile ya pili kwa sababu yako, saa mbili tu ukumbini uso unang'aa mafuta. Namba nayo haihami kutoka kampuni moja kwenda nyingine: 360 ya hapa haikuambii uchukue namba gani kwa kampuni nyingine. Na kama chupa uliyotumia si ya kampuni yenyewe, ni ya kuiga, usiandike jina la kampuni hata kidogo, kwa sababu rangi iliyomo inaweza isifanane na ya chupa halisi. Andika tu "foundesheni ya kahawia iliyokolea, isiyong'aa".

Shughuli watu huidharau, wanaandika "harusi" basi. Lakini sendofu ya usiku ina taa na flashi. Poda nyeupe ya kuseti yenye silika nyingi, ambayo mchana huioni, kwenye picha ya flashi inaacha weupe chini ya macho, na kwenye ngozi nyeusi weupe huo unaonekana vibaya mno. Dada alitumia poda yenye rangi kwa sababu hiyo hasa, na aliisema kwenye video, ila hakuna aliyeweza kulipata jambo hilo kwa kutafuta. Tukaliweka kwenye sura:

```
0:00 Ngozi kabla ya mekapu
1:10 Kuzuia mafuta
3:25 Konsila ya chungwa, ngozi nyeusi
5:40 Foundesheni 360
9:15 Poda isiyoacha weupe kwenye flashi
```

Sura hazitokei usipoanza na 0:00, zikiwa chini ya tatu, au ikiwepo iliyo fupi kuliko sekunde 10.

Tagi hazistahili muda mwingi. YouTube wenyewe wanasema mchango wake ni mdogo, na faida yake iko zaidi kwenye maneno ambayo watu huyaandika kwa namna tofauti. Tuliweka mekapu, mekap, make up, sendofu, send off, tukaishia hapo. Kumwaga rundo la tagi ndani ya maelezo ni kuvunja kanuni zao, na kutaja ngozi au bidhaa ambazo hazimo kwenye video vilevile.

Kilichonisumbua zaidi ni picha ya jalada. Kichwa kinasema ngozi nyeusi, picha inaonyesha mtu wa maji ya kunde, kwa sababu taa ya duara ilikuwa karibu mno na simu ilikuwa na kichujio cha urembo. Mtafutaji huamini picha kuliko maandishi, anapita. Tulizima kichujio, tukarudi dirishani kupiga picha ya majaribio, tukagusa uso kwenye skrini na kushusha mwanga hadi shingo na uso vikafanana na vinavyoonekana kwa macho.

Kujua kama umempata mtu sahihi, fungua `YouTube Studio`, ingia `Analytics`, tafuta `YouTube search` kwenye vyanzo vya watazamaji. Utaona maneno waliyoandika. Kwenye video hii yalianza kuja maneno yenye "ngozi nyeusi" na "sendofu", na hao walikaa hadi kwenye poda. Maneno yakiwa sahihi lakini watu wanaondoka sekunde za mwanzo, angalia jalada na utangulizi wako. Na maoni yakijaa swali la "foundesheni namba ngapi?", namba umeificha, ipandishe juu.

Video za zamani zinaharirika bila kupoteza watazamaji uliokwisha kuwapata. Badilisha kichwa na maelezo kwanza, acha wiki kadhaa, ndipo uguse jalada, la sivyo hutajua kipi kilisaidia. Kwa huku kwetu fanya hivyo kabla malipo ya korosho hayajaanza kutoka, kwa sababu yakishatoka sendofu na ndoa hufuatana kutoka Tandahimba hadi Ruangwa, na mabinti wanakuwa wameshaanza kutafuta.