Njia muhimu kwenye ratiba ya ujenzi: dhana potofu na ukweli

Tuchukue nyumba ndogo ya vyumba viwili, na tuseme fundi mkuu ametoa makadirio haya. Msingi siku 10. Kuta siku 12. Linta siku 7, pamoja na kusubiri zege likomae. Kupaua siku 8. Lipu siku 9, kisha siku 14 za kuiacha ikauke, halafu rangi siku 5. Pembeni kuna kazi mbili zinazoweza kuanza kuta zikishasimama. Fundi umeme anachimbia mabomba ya waya kwa siku 4, na fundi wa kuchomelea anachukua vipimo na kutengeneza grili kwa siku 10, kisha anazifunga kwa siku 2. Lipu haipigwi mpaka paa, mabomba na grili vyote viwe tayari.

Dhana: njia muhimu ni orodha ya kazi kubwa au za gharama.

Njia muhimu ni mnyororo mrefu kuliko yote wa kazi zinazongojana, na urefu wake ndio urefu wa mradi. Kuipata hakuhitaji programu. Kila kazi inaanza pale ile ya mwisho kati ya zinazoitangulia inapokwisha. Kuta zinaisha siku ya 22. Kutoka hapo mabomba yanaisha siku ya 26, grili siku ya 34, na paa, kwa kuwa linapitia linta, siku ya 37. Kwa hiyo lipu inaingoja siku ya 37. Ukiendelea hivyo hadi rangi unafika siku ya 65.

Ukirudi nyuma kutoka mwisho unaona kilichoshikilia tarehe hiyo: msingi, kuta, linta, paa, lipu, kukauka, rangi. Humo mna siku 14 ambazo hakuna fundi anayelipwa, ndiyo maana wengi husahau kuziandika. Rangi iliyopakwa juu ya lipu mbichi huvimba na kubanduka. (Bandika kipande cha nailoni ukutani usiku kucha, ukikuta unyevunyevu ndani yake asubuhi, fundi rangi asubiri.)

Dhana: kazi inategemea ile iliyoandikwa juu yake kwenye orodha.

Mpangilio wa orodha mara nyingi ni mazoea tu. Swali la kuuliza ni hili: ni kitu gani kisipokuwepo, kazi hii haiwezekani kabisa? Fundi wa kuchomelea anahitaji matundu ya madirisha yaliyosimama, hahitaji paa. Wengi humwita baada ya kupaua kwa sababu ndipo wanapomkumbuka. Angeitwa siku ya 37, grili zingekwisha siku ya 49, na nyumba nzima ingesogea siku 12 bila fundi yeyote kuchelewa.

Dhana: ukiongeza mafundi, mradi unafupika kwa kiasi kile kile.

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Ukiwaita mafundi umeme wawili, mabomba yanaisha siku ya 24 badala ya 26, na lipu bado inangoja siku ya 37. Umenunua siku ambazo hazina kazi. Morgan Walker wa kampuni ya DuPont na James Kelley wa Remington Rand, walipoibuni hesabu hii mwaka 1957, walikuwa wanatafuta hasa jibu la swali hilo: pesa ya kuharakisha iwekwe kwenye kazi zipi?

Hata kwenye njia muhimu yenyewe kuna mtego. Tuseme umeongeza maseremala na paa limechukua siku 4 badala ya 8. Linaisha siku ya 33. Lakini grili zinaisha siku ya 34, kwa hiyo lipu inaanza siku ya 34 na mradi unafika siku ya 62. Umelipia siku 4, umepata 3, na sasa grili ndizo zinazoshikilia nyumba. Siku ya nne ilikuwa hasara.

Dhana: njia muhimu ikishapatikana haibadiliki.

Kwenye mpango wa awali grili zina siku 3 za akiba, yaani tofauti ya 34 na 37. Akiba hiyo ni ya mnyororo mzima: fundi akiimaliza karakanani kwake, ufungaji hauna hata siku moja ya kuchelewa. Sasa chuma kimeadimika na grili zimechelewa siku 5. Zinaisha siku ya 39. Mradi unasogea siku 2 hadi ya 67, na paa, ambalo jana lilikuwa likibanwa, leo lina siku 2 za akiba. Anayeendelea kuwasukuma maseremala siku hiyo anamsukuma mtu asiye sahihi. Simu inatakiwa ipigwe kwa fundi wa kuchomelea.